Sura ya 6: Kadi ya Mama Mboga

Kadi yenyewe ni kipande cha karatasi ngumu kinachotoshea kiganjani. Upande wa mbele umeandikwa hivi: Una miaka 34. Unauza sukuma wiki na nyanya Matisi. Kichwa kinakuuma na mwili umechoka. Hii ni mara yako ya nne kuja zahanati katika miezi mitano. Usiseme lolote zaidi mpaka uulizwe.

Upande wa nyuma ndiko kuliko na mambo. Kuna usingizi unaokatika saa tisa usiku na kutorudi tena. Kuna mume anayerudi amelewa chang'aa, na ada ya shule ambayo haijalipwa. Kuna biashara iliyokuwa ikimfurahisha na ambayo sasa anaifungua saa nne badala ya saa kumi na mbili asubuhi. Mstari wa mwisho kabisa unasema kwamba mara mbili mwezi huu ameitazama ile dawa ya kuhifadhia mahindi iliyo chini ya kitanda. Muuguzi anayeigiza mama huyu anaruhusiwa kuyatoa haya moja baada ya jingine, kila moja kwa swali linalolistahili. Asipoulizwa, anaondoka nayo.

Mama huyu nimemtunga kwa ajili ya mafunzo. Hata hivyo, kila ninapoigawa kadi hii kwa maafisa wa kliniki na wauguzi wa Kitale na Bungoma, kuna mmoja atakayeinua kichwa na kusema, "Huyu namjua." Matisi ni mtaa wa wapangaji na wachuuzi pembeni mwa mji wa Kitale. Hapo Mbukusu, Msabaoti, Mturkana, Mkikuyu na Mkisii wanapanga vyumba vya ukuta mmoja na kuelewana kwa Kiswahili. Anayefanya kazi katika kituo cha afya cha mtaa kama huo humwona mama mboga wa kadi yangu kila wiki. Anachomwandikia ni dawa ya malaria.

Sura hii inafuata kadi hiyo moja kwa siku tano za kozi, na kwa miezi inayofuata. Muda wa siku tano haukuokotwa hewani. Kuanzia mwaka 2005, Wizara ya Afya ya Kenya na Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, wakishirikiana na kituo shirikishi cha Shirika la Afya Duniani kilichoko Taasisi ya Saikiatria ya London, waliandaa kozi ya saa 40 kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya nchini. Waliokuwa mbele katika kazi hiyo ni Dakta David Kiima, aliyekuwa mkurugenzi wa afya ya akili wizarani, na Profesa Rachel Jenkins wa London. Taarifa waliyoitoa mwaka 2010 ilionyesha kwamba zaidi ya wahudumu 1,600 walikuwa wamefunzwa, na kwamba wastani wa alama zao katika mtihani uliofanywa kabla na baada ya kozi ulipanda kutoka asilimia 42 hadi 77. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Mgonjwa wa Matisi au wa Cheptais hatawafikia. Atakayemwona ni afisa wa kliniki au muuguzi wa karibu naye, kwa hiyo huyo ndiye wa kufunzwa. Na kwa nini siku tano? Kwa sababu zahanati yenye wauguzi wawili haiwezi kumwachilia mmoja zaidi ya wiki moja.

Jambo ninalolipenda zaidi katika kozi ile ni hesabu ya maigizo. Kila mshiriki aliigiza zaidi ya mara 25 kwa wiki hiyo. Wengi wakisikia neno igizo hudhani ni burudani ya kuamsha waliosinzia baada ya chakula cha mchana. Kwangu igizo ndiyo kozi yenyewe, na mihadhara ipo ili igizo liwe na la kushika.

Siku ya kwanza tunakaa watatu watatu. Mmoja ni mgonjwa, mmoja ni mhudumu, wa tatu anatazama na kuandika. Dakika ni kumi. Igizo la kwanza kabisa huwa hivi, na sijaona kundi lililolikwepa:

"Habari, mama. Shida ni nini?"

"Kichwa inaniuma tu, daktari. Na mwili hauna nguvu."

"Tangu lini?"

"Ni siku nyingi."

"Unahisi baridi? Unatapika? Unaharisha?"

"Baridi kidogo usiku."

"Sawa. Enda upimwe malaria, urudi na majibu."

Muda uliotumika ni sekunde 40. Mtazamaji anapoulizwa mgonjwa alisema nini, anataja kichwa, uchovu na baridi. Kisha namwomba aliyeigiza mama asome kwa sauti yote yaliyo nyuma ya kadi yake. Chumba hutulia. Mstari wa dawa ya mahindi unapofikiwa, yule aliyekuwa mhudumu huinamisha macho, na kwa kawaida ni mtu mwenye miaka kumi au zaidi kazini.

Simlaumu, kwani amefunzwa kuuliza maswali ya kufunga: ndiyo au hapana, unatapika au hutapiki. Kwa kipindupindu maswali hayo yanafaa sana. Kwa mama mboga yanafunga mlango, kwa sababu naye amejifunza kwamba zahanati ni mahali pa kupeleka kichwa na tumbo, si mahali pa kupeleka mume. Kwa hiyo asubuhi yote tunafanya zoezi dogo: igizo lilelile, lakini kwa dakika mbili za kwanza mhudumu haruhusiwi kuuliza swali linalojibika kwa ndiyo au hapana. Anaweza kusema "Hebu nieleze," au "Na nyumbani mambo yakoje?", au akanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Sekunde tano za kimya humtia haya mhudumu, naye hukimbilia kwenye kalamu. Akiweza kuzivumilia, mara nyingi mgonjwa ndiye anayezijaza.

Lugha pia inahitaji masikio. Karibu hakuna mtu wa Kitale atakayekuambia ana sonona, neno ambalo hata vitabuni ni geni kwa wengi. Atakuambia mawazo yamemzidi, moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwili unatambaa kama umeingiliwa na sisimizi, usingizi umekataa. Madaktari wa Zimbabwe walikutana na jambo hilohilo. Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na Dakta Dixon Chibanda na wenzake walilijenga neno hilo ndani ya huduma ya benchi la urafiki waliyoianzisha Harare mwaka 2006, ambako akina mama wazee wa mtaani huketi na wagonjwa nje ya kliniki na kuwasikiliza. Nawaomba washiriki waandike ukutani maneno ya Kiswahili, ya Lubukusu na ya Kisabaoti wanayoyasikia kwa wagonjwa wao. Orodha hiyo hubaki ukutani wiki nzima, na kufikia Alhamisi huwa na thamani kuliko picha zangu za skrini.

Siku ya pili kadi inarudi, na sasa mhudumu anatakiwa afikie uamuzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2010 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016, unataka mambo matatu kabla ya kuiita hali hii sonona. La kwanza, mgonjwa awe na huzuni ya kudumu au awe amepoteza raha katika mambo aliyokuwa akiyapenda, na hali hiyo iwe imechukua angalau wiki mbili. La pili, kuwe na dalili nyingine kadhaa pamoja nayo: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kukaza fikra, kukata tamaa. La tatu, awe anashindwa kutekeleza kazi zake za kila siku. Hilo la tatu wahudumu hulisahau, ilhali kwa mama mboga ndilo lililo wazi zaidi. Genge lililokuwa likifunguliwa saa kumi na mbili sasa linafunguliwa saa nne. Swali la "siku hizi unafungua saa ngapi?" humpa mhudumu kipimo ambacho atakitumia tena wiki sita baadaye ili kujua kama dawa inafanya kazi.

Hapo mtu hufurahi, akachukua kalamu. Namzuia. Kuna mambo mengine yanayovaa nguo ya sonona: upungufu wa damu, Virusi vya Ukimwi, matatizo ya tezi ya shingo, mimba ambayo mwenyewe hajaijua. Kuna msiba pia. Aliyefiwa miezi miwili iliyopita naye halali wala hali, lakini huyo hahitaji kidonge kwa sababu ya kilio chake. Mwongozo unashauri tahadhari katika miezi sita ya kwanza ya msiba, isipokuwa kama dalili ni nzito kupita kiasi. Mama wa kadi yetu hajafiwa. Kipimo cha damu ni kizuri, kipimo cha mimba hakionyeshi kitu, na kipimo cha Virusi vya Ukimwi ni hasi.

Halafu tunafika kwenye swali ambalo kila mtu anajaribu kulizunguka.

Nimeona wahudumu hodari wakilikaribia kwa hatua kumi na kugeuka. Wengine huuliza, "Lakini hufikirii mambo mabaya, sivyo?", swali ambalo limekwisha kumwambia mgonjwa ajibu hapana. Hofu zao ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua ni kumpa wazo. Hiyo si kweli. Wazo analo au hana, na aliye nalo mara nyingi hupata ahueni anapokutana na mtu anayeweza kulisikia bila kuruka. Hofu ya pili ilikuwa ya kisheria. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mgonjwa aliyejua hivyo alifumba mdomo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Habari hiyo inachukua muda kufika kwenye madirisha ya zahanati, na kwa hiyo tunaisema kwa sauti darasani.

Tunalifanyia mazoezi swali lenyewe kwa kulitamka, kila mtu kwa zamu, mpaka sauti iache kutetemeka. Tunapanda ngazi polepole: "Kuna siku unahisi maisha yamekuwa mzigo?" Kisha: "Umewahi kufikiria ni heri usingekuwepo?" Kisha bila kupepesa: "Mama, umefikiria kujiua?" Akikubali, hatuishii kwenye pole. Tunauliza kama amepanga, kama amewahi kujaribu, na kama kile alichokifikiria kiko nyumbani. Hapo ndipo dawa ya mahindi hutoka nyuma ya kadi.

Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi. Karibu kila nyumba inayovuna ina kemikali ya ghalani au dawa ya kupe, na huwekwa popote. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya tiba ya mama huyu inafanyika kabla ya kidonge chochote. Kwa idhini yake anaitwa dada yake anayeishi mtaa huohuo, na dada anaondoka na dawa ile siku hiyohiyo. Angekuwa na mpango kamili na nia ya kuutekeleza, asingeachwa peke yake hata dakika moja, na safari ya hospitali ya kaunti ingeanza akiwa na mtu wa kumsindikiza. Mama wa kadi amefikiri lakini hajapanga, na anasema watoto ndio wanaomzuia. Atarudi nyumbani, dada atalala naye, na ataonwa tena baada ya siku saba.

Kabla sijaingia siku ya tatu, kuna jambo la maigizo ambalo vitabu vingi vya mafunzo hulipita mbio. Wahudumu wa eneo hili si watu wa kutazama mambo kwa mbali. Kati ya mwaka 2006 na 2008 Mlima Elgon ulipitia vita vya ardhi, kwanza mikononi mwa kundi la wapiganaji na kisha katika operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008. Miezi hiyohiyo ghasia za baada ya uchaguzi zilileta wakimbizi wa ndani mpaka Kitale. Muuguzi wa miaka 40 aliyekulia Kopsiro au Cheptais alikuwepo. Ukimpa kadi ya mtu aliyempoteza ndugu usiku, huenda asiigize. Anaweza akakumbuka. Nimejifunza kumwachia kila mtu haki ya kuirudisha kadi bila kutoa sababu, na kumaliza kila igizo kwa kumtoa mwigizaji ndani ya mtu aliyekuwa: anasimama, anakwenda kukaa kiti kingine, anataja jina lake halisi na atakachokula jioni. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Siku moja niliiruka kwa sababu ya muda, na mshiriki mmoja alishinda akilia hadi jioni.

Siku ya tatu ni ya dawa, na hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Mhudumu aliyemtambua mama mboga kwa ustadi mkubwa anaweza kumharibia kwa mstari mmoja wa maandishi. Kosa la kwanza ni diazepamu. Mgonjwa amesema halali, na diazepamu inalaza, kwa hiyo inaandikwa. Usiku wa kwanza anashukuru. Huzuni yake haikuguswa, na baada ya wiki chache mwili wake haulali tena bila kidonge hicho. Sasa ana shida mbili.

Kosa la pili ni la kipimo. Dawa ya sonona inayopatikana kwa urahisi katika vituo vingi vidogo ni amitriptilini ya miligramu 25. Mhudumu anaandika kidonge kimoja usiku kwa wiki mbili. Mgonjwa anarudi akilalamika mdomo umekauka, choo kigumu, anasinzia asubuhi gengeni, na moyo bado mzito. Mhudumu anaandika kwenye kitabu: dawa haijasaidia. Lakini dawa haijajaribiwa. Miligramu 25 ni mlango tu. Mwongozo unataka kuanzia hapo na kupanda kwa miligramu 25 hadi 50 kila wiki mpaka kufika 100 au 150 kwa siku, na kisha kungoja wiki nne hadi sita kabla ya kuamua. Madhara huja siku ya kwanza, ilhali nafuu huja mwezi wa pili. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo anaacha siku ya tano, na ana haki ya kuacha.

Kwa hiyo igizo la siku ya tatu ni moja tu, nalo linarudiwa mpaka lilainike: mweleze mama mboga dawa yake kwa dakika tatu. Mama aigizaye ana maagizo ya kuuliza yale wanayouliza watu. "Hii ni dawa ya wazimu?" "Nitaizoea nisiweze kuacha?" "Nikipata nafuu niache?" Majibu yanapaswa kuwa mafupi na ya kweli. Si dawa ya wazimu, ni ya ugonjwa wa huzuni unaomaliza nguvu. Haileti uraibu, ila haiachwi ghafla. Na ukipata nafuu huachi, unaendelea kwa miezi tisa hadi 12, kisha tunaipunguza polepole kwa wiki nne au zaidi.

Je, kwa mama huyu amitriptilini inafaa? Darasa hujibu ndiyo, kwa sababu ndiyo iliyo kabatini. Hapo nawarudisha kwenye mstari wa mwisho wa kadi. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja huusimamisha moyo. Kumkabidhi vidonge vya mwezi mzima mtu ambaye jana tumeiondoa sumu chini ya kitanda chake ni kumrudishia sumu nyingine ikiwa na muhuri wa serikali. Fluoksetini ni salama zaidi kwa mtu kama huyu: miligramu 10 kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, kisha 20, na ikiwa baada ya wiki sita hakuna mabadiliko, 40. Ikiwa kituo hakina, inaandikwa ili itafutwe hospitali ya kaunti au duka la dawa. Ikikosekana kote, amitriptilini itatolewa kwa wiki moja moja, mikononi mwa dada.

Bado kuna swali moja. Tunaporudia igizo alasiri, kwa siri nabadilisha kadi za nusu ya vikundi. Mama ni yuleyule, ila nyuma kumeongezwa kwamba miaka miwili iliyopita alikaa wiki moja na zaidi akilala saa mbili tu usiku bila kuchoka, akiongea bila kituo, akagawa mboga zote bure sokoni na kutangaza kwamba atanunua hoteli. Ndugu walimfungia ndani mpaka akatulia. Huyo hana sonona ya kawaida. Ugonjwa wake una pande mbili, na dawa ya sonona ikipewa peke yake inaweza kumrusha tena upande wa juu. Anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu. Kila kozi, vikundi vingi vinampa fluoksetini. Hawakuuliza, kwa sababu walishamjua mgonjwa asubuhi. Ninapofunua kadi hakuna anayecheka, na swali la "uliwahi kupitia wakati wa kinyume chake?" haliwatoki tena.

Siku ya nne naipitia kwa ufupi hapa kwa kuwa kadi yetu inapumzika. Ni siku ya saikosisi, kifafa na pombe. Nitaje kosa moja tu. Mgonjwa mwenye fujo huletwa amefungwa kamba, na mhudumu aliyeogopa huanza na haloperidoli nyingi, wakati mwongozo unaanzia miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku. Siku ya pili shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unatoka, na jamaa wanasema mapepo yamechachamaa na kumpeleka kwa maombi. Ni dhara la dawa, na sindano au kidonge cha kulegeza misuli, kama baiperideni au benzheksoli, hulimaliza mapema. Mhudumu aliyelijua na kuwaonya jamaa mapema hampotezi mgonjwa. Na kabla ya yote hayo, apime malaria na sukari, na aulize pombe iliachwa lini.

Siku ya tano sifundishi ugonjwa wowote. Tunaandika mpango wa usimamizi, na hakuna mshiriki anayetoka mlangoni bila karatasi yake.

Sababu ni utafiti mmoja wa kozi ileile uliofanywa Nyanza na Jenkins na wenzake, ukachapishwa mwaka 2013. Walilinganisha vituo ambavyo wahudumu wake walipata kozi na vile ambavyo hawakupata. Walipohesabu magonjwa yaliyotambuliwa, tofauti haikuwa ya maana. Lakini wagonjwa wa waliofunzwa walipata nafuu zaidi kuliko wa wenzao. Nimelifikiria sana jambo hilo. Naamini kilichobadilika ni zile dakika mbili za kwanza, namna ya kusikiliza, ambayo kozi inaweza kuitia ndani ya mtu kwa wiki moja. Kutambua, kuandika kitabuni na kupandisha kipimo ni mazoea ya kituo, na mazoea ya kituo hayabadiliki kama hakuna anayekuja kuyatazama. Msimamizi wa wilaya alipofika zahanati, aliulizia malaria, chanjo na kifua kikuu. Afya ya akili haikuwa kwenye orodha yake.

Mpango wetu una tarehe. Msimamizi, ambaye ni muuguzi wa afya ya akili au afisa wa kliniki mwenye stashahada ya juu ya fani hiyo kutoka hospitali ya kaunti, Kitale kwa upande mmoja na Bungoma kwa upande wa pili, anafika kituoni wiki ya pili baada ya kozi, kisha kila mwezi kwa miezi sita. Ziara ni ya saa mbili. Anaketi kimya mhudumu akimwona mgonjwa mmoja halisi aliyekubali. Mhudumu analeta kesi mbili, moja iliyokwenda vizuri na moja iliyomtatiza. Kipande kimoja cha igizo kinarudiwa, kwa kawaida lile swali gumu. Kati ya ziara moja na nyingine kuna namba ya simu ya kupigwa kwa dharura, na ya pili ikiwa ya kwanza haipokelewi. Juu ya hospitali ya kaunti kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret, na karatasi inasema nani atalipa gari.

Kitu cha kwanza msimamizi anachofungua ni kitabu cha wagonjwa, nacho hakidanganyi. Akiona kila aliyepewa amitriptilini yuko kwenye miligramu 25 mwezi wa tatu, anajua hakuna anayepandisha. Akiona majina yanayoonekana mara moja na kupotea, anajua dawa haielezwi. Akiona wote wamepotea Machi na Aprili, huo ni msimu wa kupanda mahindi, na dawa ya miezi miwili ingewafaa wale wasio na hatari. Na akiona mwezi mzima haukuandikwa hata mgonjwa mmoja wa akili huku malaria ikijaza kurasa, anarudi kwenye kadi.

Igizo la mwisho la Ijumaa ni ziara ya wiki ya sita. Mama mboga ameketi. Amekunywa fluoksetini ya miligramu 20 kwa wiki tano, baada ya ile ya kwanza ya miligramu 10. Mhudumu ana kitabu mbele yake na ameandika hapo, tangu ziara ya kwanza, saa nne.

"Siku hizi unafungua genge saa ngapi, mama?"

"Saa moja na nusu. Siku zingine saa mbili."

"Usingizi?"

"Naamka saa kumi na moja. Si kama zamani."

"Na yale mawazo ya kujiua?"

"Yalikuja mara moja tu, wiki ile mzee alivunja mlango. Nikaenda kwa dada."

Mhudumu anafikiria. Nafuu ipo lakini haijatimia. Anaweza kupanda hadi 40 au kungoja. Anaamua kubaki kwenye 20 kwa wiki mbili zaidi, anaandika sababu, anamuuliza kama yuko tayari kuzungumza na mhudumu wa jamii kuhusu mume na pombe, na kuthibitisha kwamba dawa ya mahindi bado iko kwa dada. Kisha anaandika tarehe ya kurudi na kumwonyesha kwa kidole. Mtazamaji anafunga saa. Dakika tisa.

Mwigizaji anasimama, anahamia kiti cha dirishani, anataja jina lake, na kusema jioni atakula ugali na mrenda.